Maswali yenu: FIFO, wastani na saruji iliyobaki stoo

"Kaka, jibu fupi tu. Kati ya FIFO na wastani, ipi inapunguza kodi?" (Tegeta)

Hizi ni njia mbili za kugawa gharama ya manunuzi kati ya mzigo uliouzwa na uliobaki stoo. Bei ikipanda, wastani. Bei ikishuka, FIFO. Swali hili linarudi kila wiki bila hesabu yoyote, basi leo tuipige mpaka mwisho.

Kampuni ina duka la saruji. Mwaka unaanza na mifuko 200 iliyonunuliwa kwa shilingi 14,000. Ikaongeza 300 kwa 15,000, baadaye 500 kwa 16,000. Jumla ni mifuko 1,000 iliyogharimu 15,300,000. Imeuza 800 kwa 18,000, yaani mauzo ya 14,400,000, na stoo imebaki mifuko 200.

Kwa FIFO, ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, kwa hiyo iliyobaki ni ya bei ya mwisho: 200 mara 16,000, sawa na 3,200,000. Gharama ya mauzo inakuwa 12,100,000 na faida ghafi 2,300,000. Kwa wastani, 15,300,000 gawa kwa 1,000 unapata 15,300 kwa mfuko. Stoo ina 3,060,000, gharama ya mauzo ni 12,240,000, faida ghafi 2,160,000.

Tofauti ni 140,000. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, hiyo ni 42,000. Na wala hujasamehewa: stoo ya kufungia mwaka huu ndiyo ya kufungulia mwaka ujao. Aliyetumia FIFO anaanza mwaka na gharama iliyozidi kwa 140,000, na mifuko ile ikiisha, faida yake inapungua kwa kiasi hicho hicho. Wewe wa wastani umeahirisha kodi tu. Bei zikiendelea kupanda na stoo isipopungua, unaahirisha tena.

Angalizo ambalo hukuliomba: wengi wanajumlisha 14,000, 15,000 na 16,000, wanagawa kwa tatu, wanapata 15,000. Huo si wastani unaotakiwa, maana umesahau kwamba mifuko 500 ilinunuliwa kwa bei ya juu. Stoo itasoma 3,000,000, na utakuwa umeongeza gharama ya mauzo kwa 60,000 bila haki. Mkaguzi analiona kosa hili kwa kikokotoo cha simu.

"Vijana wangu wanauza mifuko ya juu ya rundo kwanza, yaani mipya. Bado naruhusiwa FIFO?" (Buguruni)

Ndiyo. Njia hizi zinapanga mtiririko wa gharama, hazifuatilii mfuko gani umebebwa. Ila waambie wageuze rundo, kwa sababu mifuko ya chini ndiyo inayoganda. Iliyoganda haithaminiwi kwa bei ya kununulia: mwisho wa mwaka unachukua iliyo ndogo kati ya gharama na thamani ya soko. Kama mfuko wa 16,000 sasa utapata 5,000 tu, uandike 5,000. Hesabu kwa mkono siku ya kufunga mwaka, weka kando mibovu, piga picha. Hapo mnapoteza zaidi ya zile 42,000, lakini hakuna anayeniuliza habari hiyo.

"Na LIFO?" (Kariakoo)

Hapana. Hiyo ni kinyume cha FIFO: ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. IAS 2, kiwango cha kimataifa cha hesabu za stoo, imeifuta tangu 2005, na sheria yetu ya kodi ya mapato haina nafasi yake.

"Mfumo wa kompyuta unasema stoo ni 3,153,333, Excel yangu inasema 3,060,000. Mbona data ni ile ile?" (Mbagala)

Mfumo unapiga wastani upya kila mzigo unapoingia. Wewe umepiga mara moja mwisho wa mwaka. Kwa mfano wetu, baada ya mzigo wa 300 wastani ni 14,600. Ukiuza 400 hapo, inabaki 100 yenye thamani ya 1,460,000. Inaingia 500 ya 8,000,000: mifuko 600, wastani 15,766.67. Ukiuza 400 nyingine, 200 iliyobaki ni 3,153,333. Zote mbili ni wastani halali. Chagua moja, ushikamane nayo.

Hatari iko kwingine: mauzo yakiingizwa kabla ya ankara ya manunuzi, mfumo unaonyesha stoo hasi na wastani unaofuata unaharibika. Fungua ripoti ya stoo kila mwisho wa mwezi. Ukiona idadi yenye alama ya kutoa, panga tarehe sawasawa kabla ya kuendelea.

"Mwaka huu bei zimepanda, nataka nihame FIFO niende wastani kwenye ritani." (Ubungo)

Ukishachagua njia, huihami bila kibali cha maandishi cha Kamishna wa TRA. Kuhama kila bei inapogeuka ni kuomba ukaguzi. Kabla ya kuandika barua, angalia kama gharama yako yenyewe ni sahihi: nauli ya lori kutoka Wazo hadi dukani ni sehemu ya gharama ya mfuko. Kodi ya ongezeko la thamani unayorudishiwa si sehemu yake.

"Mimi nalipa kodi ya makadirio kwa mauzo. Nitumie ipi?" (Temeke)

Kwa kodi, yoyote. Unatozwa kwa mauzo, si faida. Kwa kupanga bei, tazama gharama ya mzigo wa mwisho.