Kabla hujalipia kujaza tona, muulize fundi kuhusu mabaki

Kwenye steshenari yetu tunachapa kwa HP LaserJet P1102, na katriji yake ni 85A. Ikiwa mpya hutoa kurasa kama 1,600, ila hesabu hiyo ni ya ukurasa uliofunikwa na wino asilimia 5 tu, yaani barua fupi. Kwa fomu zenye majedwali na nembo nzito, huisha mapema mno. Ndiyo maana tunajaza.

Wateja wengi humuuliza fundi bei ya unga wa tona. Mimi huuliza mabaki atayafanyaje. Ndani ya katriji mna vyumba viwili: kimoja cha tona mpya, kingine cha unga ambao haukushika kwenye karatasi, ukakwanguliwa na bledi, ule ukingo mwembamba wa kukwangua, kutoka kwenye drami, silinda inayobeba picha ya ukurasa. Fundi mwenye haraka hutoboa tundu, humimina unga, huziba kwa selotepu, basi. Chumba cha mabaki hakikuguswa. Kikijaa, unga hufurika na kuchafua karatasi na tumbo la printa.

Anayeijua kazi hung'oa pini za pembeni, huitenganisha katriji vipande viwili, huyamwaga mabaki kwenye mfuko na kuufunga, hufuta rola ya chaji inayoipa drami umeme kwa kitambaa kikavu, ndipo hujaza. Mabaki hayarudishwi, yameshachanganyika na vumbi la karatasi. Muda wote huo drami hufunikwa, maana mwanga mkali huiharibu.

Usiondoke bila kuchapa ukurasa wa majaribio, na uende na rula. Katriji yetu moja iliwahi kurudi ikiacha kidoa kile kile mara kadhaa kwenye ukurasa. Fundi alishikilia kwamba unga haujatulia. Tukapima: kutoka kidoa hadi kidoa ni sentimita 7.5, ambao ndio mzunguko wa drami ya 85A. Drami ilikuwa na mkwaruzo, na unga ungetulia hata mwezi mzima kidoa kisingeondoka. Akabadilisha drami peke yake, kikatoweka. Mstari mweusi wa kushuka chini mara nyingi ni bledi iliyochakaa. Ukurasa mzima ukiwa na ukungu wa kijivu, shuku unga usio wa katriji hiyo.

Kompyuta ikiendelea kusema tona imepungua, usibabaike. Chipu ya katriji hukadiria kwa matumizi, haiupimi unga, na P1102 huendelea kuchapa. Unga ukimwagika kwenye nguo, kung'uta kisha osha kwa maji baridi. Ya moto huuyeyusha ukagandamana.

Drami, rola na bledi vikichoka kwa pamoja, tunaacha kujaza. Katriji haichomwi wala haitupwi jalalani. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za kielektroniki. Tanzania, mkusanyaji mwombe akuonyeshe kibali cha NEMC, baraza la mazingira. Na boksi la katriji halisi lichane kabla ya kulitupa, kwa sababu wapo wanaoyaokota, wakatia katriji iliyojazwa na kuiuza kama mpya.