Mhubiri na Mshairi Hawachagui kwa Sababu Moja

Swali la wiki: "Kati ya mapenzi, upendo na mahaba, ni neno lipi linafaa mahubiri, lipi wimbo na lipi kadi?"

Kitenzi hakitusaidii kuyatenganisha maneno haya. Mtu husema anampenda Mungu, anampenda mama yake, anampenda mkewe na anapenda pilau, na msikilizaji hutambua aina ya kupenda kutokana na kinachopendwa. Tofauti huanza pale tunapohitaji nomino. Hapo wengi hushika mgawanyo mwepesi kwamba upendo ni wa rohoni, mapenzi ni ya mwilini na mahaba ni mapenzi yaliyokolea. Mgawanyo huo una ukweli wake, hasa bara, lakini hauelezi kwa nini mhubiri wa kanisani hulikwepa neno mapenzi, wakati shehe anayeozesha hulitamka bila kusita mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Kwa upande wa kanisa, watu hudhani sababu ni haya, kwa kuwa "kufanya mapenzi" kumekuwa namna ya staha ya kutaja tendo la ndoa. Mimi naona sababu yenye uzito zaidi ni kwamba ndani ya Biblia neno mapenzi lina kazi nyingine. Katika Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952 na ambayo lugha yake ndiyo bado inayotawala mimbari nyingi, Sala ya Bwana inasema "Mapenzi yako yatimizwe", na maana yake ni lile alitakalo Mungu. Wakatoliki husali "Utakalo lifanyike", nao kwa kufanya hivyo wanatufasiria neno hilohilo. Upendo umewekwa kwingine: ndio unaojaza sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na ndio uliomo katika tamko la Yohana kwamba Mungu ni upendo.

Basi chukua sentensi moja ya mahubiri: "Tudumu katika mapenzi ya Mungu." Msharika aliyelelewa na Biblia hiyo atasikia wito wa kutii. Mhubiri akisema "Tudumu katika upendo wa Mungu", msharika yuleyule atasikia kwamba anapendwa na asiondoke mahali hapo. Sentensi zote mbili ni sahihi, ila ni mahubiri mawili tofauti, na mhubiri anayezichanganya atawaona waumini wakiitikia "Amina" kwa jambo ambalo yeye hakulikusudia. Pia asidhani kwamba watafsiri walilionea aibu neno mapenzi katika maana ya mtu na mwenzake, kwa maana katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 2, bibi anayezungumza asema anazimia kwa mapenzi. Walilitumia pale palipolistahili. Anayehubiri juu ya ndoa kutoka kitabu hicho ana ruhusa ya maandiko kulitamka, mradi asilihamishie kwa Mungu bila maelezo.

Msikitini hali ni nyingine. Aya ya 21 ya Suratu Rum, ambayo husikika sana katika hotuba za ndoa, imefasiriwa na Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu amejaalia "mapenzi na huruma" baina ya mume na mke. Hapo mapenzi hayana doa lolote. Mahaba nayo, ambayo asili yake ni Kiarabu, hutumika kwa heshima kamili: watu husema juu ya mahaba ya Mtume katika maulidi, na hakuna anayefikiria chumba cha wapendanao. Kwa hiyo akitokea mtu wa bara akimsahihisha shehe wa Pwani kwamba aseme upendo kwa kuwa ndilo neno safi, anamletea kanuni ya nyumba isiyo yake. Upendo si neno baya msikitini. Ni kwamba halina deni la kuyafukuza mengine.

Wimbo una sheria ambayo mhubiri hana haja nayo, nayo ni vina na mizani. Mapenzi huita mwenzi, enzi, tenzi na simanzi, na kwa sababu hiyo nyimbo nyingi za mapenzi huishia kwenye simanzi hata pale ambapo mtunzi hakuachwa na mtu. Mahaba na huba huita tiba, msiba, haba na shiba. Upendo huita vitendo, mwendo na kishindo, maneno ambayo yanafaa kwaya kuliko taarabu. Tazama mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya jibu hili:

Sioni dawa ya huba, wala siiombi tiba.

Kila kipande kina mizani nane, na kina cha kati kinalingana na cha mwisho. Weka upendo mahali pa huba, na kipande cha kwanza kitakuwa na mizani tisa huku kina kikiwa kimepotea. Weka penzi, mizani itatimia, lakini kina kitaanguka na itakubidi uandike upya kipande cha pili, labda kwa kumleta mwenzi: "Dawa ya penzi ni mwenzi." Ndiyo maana watunzi wameyaweka hai maneno mafupi kama huba, penzi na pendo. Pendo lenyewe limebaki zaidi katika tenzi za kanisani na katika majina ya wasichana. Penzi lina faida nyingine: mapenzi ni hali kwa jumla, ilhali penzi ni lile moja lenye wenyewe wawili, na kwa hiyo mwimbaji anayelia kwamba "penzi letu limekufa" anasikika zaidi kuliko anayelalamikia mapenzi yote ya duniani.

Kuhusu kadi, swali la kwanza ni nani mwingine ataisoma. Mimi husahihisha maandishi ya kadi kabla hayajapelekwa mashine, na neno ninaloliondoa mara nyingi ni mahaba katika mwaliko wa harusi. Mwaliko hutolewa na wazazi, nao husomwa na wakwe, mabosi na wajumbe wa kamati. Hao hawana sehemu katika mahaba ya bwana na bibi harusi. Mahaba yaandikwe katika kadi ndogo inayofichwa ndani ya shada la maua, na huko yaandikwe bila woga, kwa sababu "kwa upendo" peke yake, kutoka kwa mume kwenda kwa mke, husikika kama salamu za katibu wa jumuiya.

Kadi ya mama haina taabu: "Kwa upendo mwingi" hupita popote, na kwa familia za Pwani "kwa mapenzi makubwa" ni ya kawaida kabisa. Angalia tu upatanisho, kwa kuwa wanaobadilisha neno dakika ya mwisho husahau kubadilisha linalofuata, tukapata "upendo yetu" kwa wino wa dhahabu.

Kwa kadi ya rambirambi, mimi huacha nomino zote tatu na kurudi kwenye kitenzi. "Tulikupenda" inatosha, na jina la marehemu chini yake.