Bei ya sola ikiandikwa “pamoja na VAT”, uliza VAT ya nini

Swali: Nina duka la dawa Kasulu na nataka sola ya friji, taa na kompyuta. Muuzaji wa kwanza ameniandikia 3,540,000 kwa seti nzima, “pamoja na VAT 18%”. Wa pili anasema 3,250,000 na kwamba vifaa vya sola havina kodi. Nani anasema kweli?

Jibu: Dada yangu, wa pili yuko karibu zaidi na kweli, ila usimlipe bado.

Sheria ya VAT ya mwaka 2014 imeorodhesha paneli, chaji kontrola, inveta na betri za sola kati ya vitu vilivyosamehewa kodi hiyo. Friji haimo kwenye kundi hilo, wala kazi ya fundi. Nyaya, breka na fremu za kufungia paneli juu ya bati nazo zihesabu kuwa zinatozwa, mpaka muuzaji akuonyeshe vinginevyo. Kwa hiyo bei moja ya jumla iliyopakwa 18% juu ya kila kitu inakudai kodi ambayo sehemu kubwa yake haipo.

Tuichambue bei ya kwanza. Ukitaka kuitoa VAT, usikate 18% ya 3,540,000. Gawanya kwa 1.18. Unabaki na 3,000,000, na VAT ni 540,000. Sasa tuseme paneli, kontrola, inveta na betri ni 2,400,000, na nyaya, breka, fremu na ufundi ni 600,000. VAT halali ni 18% ya hiyo 600,000 tu, yaani 108,000. Bei inakuwa 3,108,000, pungufu kwa 432,000. Ndiyo maana ombi lako la kwanza kwake liwe proforma inayotaja kila kifaa na bei yake, na kodi yake pembeni. Akikataa kuichambua, mwache.

Asikuambie tu kwamba ameshusha bei yote kwa 18%, maana msamaha haufanyi hivyo. Anayeuza kitu kilichosamehewa hawezi kudai TRA imrudishie VAT aliyolipa kwenye matumizi ya kukiuza, kwa mfano kwa msafirishaji aliyesajiliwa anayeleta mzigo kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Hiyo inabaki ndani ya bei yake kama gharama, na ni haki yake.

Bei ya pili ina maswali yake. Kwanza, muulize kama amesajiliwa VAT. Tangu Julai 2023 usajili unalazimu mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, na maduka mengi ya mikoani hayafiki huko. Asiyesajiliwa haruhusiwi kukutoza VAT hata kwenye nyaya, kwa hiyo neno “havina kodi” mdomoni mwake linaweza kuwa linahusu duka lake tu.

Swali kubwa zaidi ni la betri. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye Jedwali la Tano, inasamehe ushuru wa vifaa maalumu vya nishati ya jua, pamoja na betri za “deep cycle” zinazohifadhi umeme huo. Betri ya gari haimo. Chukua betri iliyofika bandarini kwa 400,000, gharama ya meli na bima ikiwa ndani. Ikitozwa ushuru wa 25% inaongezeka 100,000, halafu VAT inapigwa juu ya 500,000, yaani 90,000 nyingine. Imeshafika 590,000 kabla ya tozo ndogondogo, lori na faida. Iliyosamehewa bado iko 400,000. Kwa hiyo mtu akikuuzia betri ya gari kwa jina la sola, unalipia kodi ya betri ya gari, na betri yenyewe itachoka mapema kwa kuchajiwa na kuishiwa kila siku. Soma maandishi ubavuni mwa betri: anayeuza ya sola ataweza kukuonyesha “deep cycle”, “solar” au aina ya lithiamu. Ukiona CCA, kipimo cha nguvu ya kuwasha injini, hiyo ni ya gari.

Kabla ya kulipa, mwombe kila mmoja aandike modeli ya inveta na betri, wati za paneli, na kama bei inajumuisha usafiri mpaka Kasulu na ufungaji. Tofauti ya laki tatu inaweza kuwa ufundi tu.

Ukilipa, dai risiti ya EFD na uihakiki kwenye `verify.tra.go.tz`. Jumla ya kodi iliyochapwa pale ilingane na hesabu ya proforma. Na kama mzigo wako utafika baada ya 1 Julai, Sheria mpya ya Fedha inapoanza kutumika, wakubaliane nawe kwa maandishi kodi ikibadilika tofauti itabebwa na nani.