Bakteria wa mwanga: kwa nini mchuzi mpya unabaki giza?

Swali: "Wakuu, nina Aliivibrio fischeri waliotoka kwenye kiungo cha mwanga cha samaki. Mchuzi wa jana, yaani maji yenye virutubisho ninamowakuzia, uling'aa vizuri. Nimechukua tone nikaweka kwenye mchuzi mpya, sasa zimepita saa mbili na zaidi, giza tupu. Nimewaua, au mchuzi mpya una kitu kinachozima?"

Hujawaua, na mchuzi mpya hauna kinachozima. Kuna kitu unakikosa. Watafiti nao waliwahi kudhani kuna kizuizi ndani ya mchuzi mpya, hadi Nealson, Platt na Hastings walipoonyesha mwaka 1970 kwamba bakteria wenyewe humwaga kitu nje, na kikishajaa ndipo mwanga unapowaka.

Kitu hicho ni molekuli ndogo ya ishara inayotengenezwa kwa jeni ya luxI. Inapenya utando wa seli bila shida, kwa hiyo kiasi kilichopo ndani hulingana na kilichopo nje. Seli zikiwa chache inapotelea majini. Zikijaa, inarudi ndani, inashikamana na protini ya LuxR, na kwa pamoja zinawasha jeni za mwanga. Kati ya jeni hizo imo luxI yenyewe, kwa hiyo ishara huzaa ishara zaidi. Ndiyo maana mwanga hauji polepole kama maji yanayopanda kisimani, unalipuka.

Tupige hesabu ya chupa yako. Tuseme mchuzi wa jana ulikuwa na seli bilioni 1 kwa mililita, nawe umeupunguza mara 10,000. Umebaki na seli 100,000 kwa mililita, na ishara nayo imepungua mara 10,000. Ikiwa kizingiti ni kama seli milioni 10 kwa mililita, lazima ziongezeke mara 100, yaani zigawanyike karibu mara 7. Kama kila mgawanyiko unachukua dakika 40, ni saa nne na nusu hivi. Umechungulia mapema mno.

Halafu kuna mtego. Lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, iliyotengenezwa jana bado imo, ila sasa seli mama inawagawia binti zake bila kutengeneza mpya. Ukiwa na kipima mwanga utaona jumla ya mwanga imesimama huku seli zikiongezeka. Wengi hudhani hapo wanakufa. La, mwanga wa kila seli ndio unaoshuka.

Ukitaka kujihakikishia, andaa mchuzi wenye nguvu maradufu, isipokuwa chumvi, ambayo ibaki asilimia 3. Chukua mchuzi wa zamani unaong'aa, uzungushe kwenye mashinepewa seli zishuke chini, kisha maji ya juu uyapitishe kwenye chujio la mikromita 0.2. Chupa ya kwanza: nusu maji hayo, nusu mchuzi maradufu. Chupa ya pili: nusu maji safi ya chumvi ya asilimia 3, nusu mchuzi uleule. Weka idadi sawa ya seli. Ya kwanza itatangulia kuwaka. Usitakase maji hayo kwa joto, na usiyaache yawe na alikali nyingi, maana pete ya molekuli ya ishara hufunguka na jaribio linakufa.

Kama seli zimeshajaa na bado ni giza, shuku oksijeni kwanza. Lusiferasi haiwaki bila hiyo, na seli nyingi huimaliza haraka. Tikisa chupa: mwanga ukirudi papo hapo, jibu umelipata. Kisha angalia joto (nyuzi 20 hadi 25 zinafaa, zikipita 30 mwanga hufifia) na sukari, kwa sababu glukosi hukandamiza jeni za mwanga. Tumia gliseroli. Na kaa gizani dakika 15 kabla ya kuhukumu. Macho yaliyotoka kwenye taa hayaoni kitu.

Sasa rudi kwa samaki, na hapa ndipo wengi wanapokosea: kinachohesabika ni msongamano, wala si idadi. Seli milioni 1 katika lita 1 ya maji ya bahari ni 1,000 tu kwa mililita, giza. Seli hizohizo zikibanwa katika sehemu moja ya elfu kumi ya mililita, ni bilioni 10 kwa mililita, kiwango cha kawaida ndani ya kiungo cha mwanga. Samaki Monocentris japonica, mwenye viungo hivyo kwenye taya la chini, huwalisha bakteria wakiwa wamebanana, na ishara haina pa kukimbilia. Wanaotemwa baharini hutawanyika na kuzimika.

Ila usichanganye hili na samaki wanaopepesa mwanga chini ya macho. Photoblepharon hufunika kiungo chake kwa kigubiko, Anomalops hukigeuza ndani. Bakteria wao wanaendelea kuwaka nyuma ya pazia.