Jasho Linapokoma: Hatari ya Kushusha Uzito kwa Siku Mbili

Nilipokuwa nikicheza mieleka katika uzito wa kilo 65, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya shindano, mizani ilinionyesha kilo 69. Niliacha kula kabisa, maji nikawa nayanywa kwa vifuniko vya chupa, na usiku wa mwisho nikavaa suti ya plastiki chini ya nguo nzito, nikaanza kukimbia ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Jasho lilitiririka hadi viatuni. Kisha, zikiwa zimebaki gramu 300 tu, likakoma: ngozi ilikauka, vinyweleo vikanisimama kama mtu aliyeshikwa na baridi, na mwenzangu aliponiuliza nimebakiza kiasi gani, sikuweza kumjibu. Yeye ndiye aliyenivua suti na kunimwagia maji, kwa kuwa mimi sikuwa tena na akili ya kuamua lolote.

Wengi wetu huamini kwamba kutoka jasho jingi ni kupoza mwili, ilhali kinachopoza ni jasho linapokauka juu ya ngozi. Ndani ya plastiki halikauki, kwa hiyo mwili hupoteza maji huku joto likizidi kupanda. Maji hayo hutoka pia katika damu. Damu inapopungua, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, na ngozi, figo na misuli vyote hugombea kidogo kilichobaki. Aliyefunga hana hata chumvi za kutosha za kuuweka moyo katika mapigo yake.

Kati ya tarehe 7 Novemba na 9 Desemba 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walifariki dunia kwa njia hii hii: wamevaa suti zisizopitisha hewa, wakifanya mazoezi kwenye joto, huku wamejinyima chakula na maji. Baada ya hapo chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilipiga marufuku suti hizo na sauna, kikasogeza upimaji wa uzito karibu na muda wa pambano, na baadaye kikaweka kikomo cha kupunguza asilimia 1.5 ya uzito kwa wiki.

Kikomo hicho ndicho ninachowashauri vijana wakifuate. Kwa mtu wa kilo 69 ni takriban kilo moja kwa wiki, kwa hiyo kilo zangu nne zilihitaji mwezi mzima wa kupunguza chakula kidogo kidogo huku nikinywa maji kama kawaida. Ikiwa mwezi huo haupo, panda kundi la juu.

Na ukimkuta mwenzako anajikaza akimbie huku anatetemeka, anayumba au anajibu mambo yasiyoeleweka, usimwache amalizie gramu zake. Mvue nguo, mtumbukize kwenye maji baridi hapo hapo na uagize gari la wagonjwa, ukiendelea kumpoza mpaka lifike. Asiyejitambua vizuri usimnyweshe chochote, maana maji yanaweza kuingia mapafuni.