Plasta inalia debe tupu

"Nipo Chumbageni. Plasta ya ndani ina wiki tatu, nikigonga kwenye nguzo inalia debe. Fundi anasema ikikauka itashika. Kweli?"

Haitashika, kaka. Zege la nguzo lina uso unaoteleza, na inaelekea alijaza sentimita 4 kwa mkupuo mmoja kunyoosha ukuta. Plasta nene hivyo hujivuta ikabanduka. Gonga kwa mpini wa mwiko, zungushia chaki panapolia, bandua hapo tu. Donoa zege kwa tindo, osha vumbi, kisha rusha rojo la saruji na mchanga mkali. Kesho yake likikwaruza kiganja, piga milimita 12 hivi. Shimo likibaki, kwaruza, ongeza siku inayofuata.

Mdau mwingine anayesema "mwaga maji tu" ukutani kabla ya plasta yuko sawa nusu: tofali kavu hunyonya maji ya plasta, ila linalochuruzika nalo halishiki.