Ukipoteza ajira kabla ya msimu wa korosho

Nilipunguzwa kazi hapa Mtwara mwezi Aprili, nikiwa na mke, watoto wawili na shamba la mikorosho nililorithi upande wa Newala. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa Mtwara na Lindi ambao wana mshahara mkononi na mikorosho kijijini, kwa sababu kwetu sisi ajira inapokatika katikati ya mwaka, hatari kubwa huwa ni kula shamba kabla halijazaa.

Jambo la kwanza ni barua. Kabla ya kusaini karatasi yoyote, hakikisha inasema kwamba mwajiri ndiye aliyesitisha ajira, na kwa sababu gani. Wapo wanaobembelezwa waandike kwamba wameacha kazi kwa hiari ili "mambo yaende haraka", na kwa saini hiyo hupoteza kiinua mgongo na pia fao la kukosa ajira la NSSF. Kama unaona umeachishwa isivyo haki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ndani ya siku 30, kwa hiyo usisubiri ahadi za mdomo.

Baada ya hapo fanya hesabu ya kile kilicho chako. Tuchukue mshahara wa shilingi 700,000 na utumishi wa miaka sita, na tuiache kodi pembeni ili mfano uwe mwepesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi. Hapa ni siku 42, yaani takribani 1,130,000. Malipo badala ya notisi ya siku 28 yanakaribia 650,000. Fao la NSSF, kwa aliyetimiza masharti ya uchangiaji, ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita, ambayo ni kama 1,400,000 kwa jumla. Zote ni 3,180,000, lakini haziji pamoja, na fao huweza kuchelewa; ndiyo maana miezi ya mwanzo iendeshwe kwa fedha za mwajiri.

Sasa hesabu miezi hadi malipo ya korosho, si hadi kazi mpya ambayo huijui itakuja lini. Minada huanza Oktoba, na fedha humfikia mkulima kupitia chama chake cha msingi, hivyo kuanzia Mei hadi Novemba ni miezi saba. Familia ikijibana kwa 350,000 kwa mwezi, itatumia 2,450,000, na zitabaki 730,000. Hizo ni za shamba. Zitenge siku ileile unapolipwa, ziwe juu ya orodha pamoja na chakula na kodi ya nyumba, kwa sababu ubwiriunga hausubiri mtu apate kazi. Maua yanapochomoza, kuanzia mwezi Juni hivi, salfa lazima ipulizwe na kurudiwa takribani kila baada ya majuma mawili. Ukiona unga mweupe umetanda kwenye maua yanayokauka, umekwisha kuchelewa, na maua yaliyokufa hayatarudishwa na dawa ya mwezi unaofuata. Mwenye kujisajili mapema hupunguza gharama kwa pembejeo za ruzuku. Zinazobaki ni palizi, kibarua wa kupuliza na mafuta ya mashine.

Katika miezi hiyo ndipo mnunuzi wa kangomba hubisha hodi. Serikali inaikataza biashara hiyo, lakini mwenye njaa haoni katazo, basi nitaonyesha hesabu. Tuseme anakupa 500,000 mwezi Julai kwa bei ya 1,200 kwa kilo. Unamdai wewe? La, unadaiwa kilo 417. Kama mnadani utabakiwa na 2,500 kwa kilo baada ya makato, korosho hizo zingekupa zaidi ya 1,040,000. Umelipa zaidi ya 540,000 kwa mkopo wa miezi minne, na bado ungepaswa kupuliza salfa kwa fedha zako.

Pengo likitokea, heri kuuza vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, maana umetengenezwa kwa fedha zinazohitajika karibuni, kabla ya kugusa hatifungani au mifuko ya muda mrefu. Mkopo wa SACCOS uombee upangaji upya wa marejesho kabla rejesho la kwanza halijakosekana, usije ukawavuta wadhamini wako. Michango ya pensheni ya NSSF iache: miezi 72 uliyokwisha kuchangia inahesabika katika ile 180 ya kustahili pensheni, na ukipata mwajiri mwingine unaendelea kutoka hapo. Malipo ya korosho yatakapoingia, rudisha kwanza ulichotoa UTT, kisha tenga fedha za salfa ya msimu ujao hata kama umekwisha kuajiriwa.